Saa Moja Ndani ya Siku Usiyoisahau

"Mwalimu, kila nikipewa insha ya 'Siku Ambayo Sitaisahau' kwa dakika 40, naanza vizuri tangu nilipoamka, lakini muda unaisha kabla sijafika penye tukio lenyewe. Mwalimu wetu huandika pembeni, 'Hakuna kilele.' Nipange vipi?"

Mwanangu, unajiona unadaiwa siku nzima, kuanzia alfajiri hadi usiku, ilhali msahihishaji anatafuta lile lililoifanya siku hiyo isisahaulike, na mara nyingi jambo la namna hiyo hutokea ndani ya saa moja au chini yake. Insha yako iwe ya saa hiyo. Yaliyotangulia na yaliyofuata yaingie kwa kadiri tu yanavyomsaidia msomaji kuielewa.

Tuanze na hesabu ya muda, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Mwanafunzi anayetunga huku akiandika kwa mkono, tofauti na yule anayenakili kutoka ubaoni, huandika takriban maneno 10 hadi 15 kwa dakika. Jipime siku moja nyumbani ili uujue mwendo wako. Katika dakika 40, tenga dakika 6 za kupanga na dakika 6 za mwisho za kusoma ulichoandika. Unabaki na dakika 28, ambazo kwa mwendo wa kawaida zinakupa maneno kama 350. Sasa fikiria aya ile ambayo nimeisoma katika madaftari mengi sana: jogoo aliwika, niliamka, nikapiga mswaki, nikaoga, nikavaa nguo zangu maridadi, nikawaaga wazazi, nikashika njia. Aya hiyo hula maneno 120 bila mwandishi kuhisi, yaani theluthi ya insha imekwisha na hakuna lililotokea. Hapo ndipo muda wako unapopotelea.

Maneno hayo 350 yagawe hivi: kama 60 ya mwanzo, 80 ya mambo yanavyoanza kuharibika, 150 ya kilele na 60 ya hitimisho. Huhitaji kuhesabu neno kwa neno ukiwa katika chumba cha mtihani. Hesabu idadi ya maneno katika mistari michache ya mwandiko wako, kisha ujue mapema maneno 150 yanajaza mistari mingapi. Ukiona mwanzo umevuka robo ya insha, umekwisha kuingia katika kosa lako la zamani.

Uchaguzi wa tukio ndio unaostahili sehemu kubwa ya zile dakika 6 za mwanzo. Wanafunzi wengi hukimbilia tukio kubwa: harusi, mahafali, safari ya mbali, ajali ya kutisha. Tukio kubwa lina shida mbili. Kwanza lina ratiba yake, na mwandishi hujikuta akiifuata ratiba hiyo, nani alihutubia, nani akafuata, nini kikaliwa, mpaka insha inakuwa taarifa. Pili, katika tukio kubwa mwandishi mara nyingi ni mtazamaji tu. Chagua tukio ambalo wewe mwenyewe ulifanya uamuzi, hata kama lilikuwa dogo machoni pa wengine. Njia ya kulipima ni kujiuliza: katika dakika ile ngumu, mikono yangu ilikuwa ikifanya nini? Ukikosa jibu, huenda ulikuwa umesimama pembeni, na kilele kitakushinda kuandika.

Si lazima kila kitu kiwe kilikutokea kama kilivyo. Msahihishaji hapimi ukweli wa maisha yako. Anapima usimulizi na lugha. Hata hivyo, weka tukio mahali unapopajua vizuri, kwa sababu insha ya kubuni huonekana bandia pale mwandishi asipojua mlango ulikuwa upande gani.

Tuchukue mfano mmoja na tuupange pamoja. Mwanafunzi ameachwa nyumbani na mdogo wake wa miaka mitatu. Ametoka nje kidogo, upepo umeufunga mlango, ufunguo uko ndani pamoja na mtoto, na jikoni kuna sufuria motoni. Hilo ni tukio, lakini bado si insha, kwa sababu halijajibu swali la kichwa: kwa nini asilisahau? Ili kulipata jibu, andika kwenye karatasi ya kupangia sentensi mbili fupi, moja ya kabla na moja ya baada. Kabla: niliamini kwamba mtoto husikia akikaripiwa. Baada: niligundua kwamba sauti yangu kali ndiyo iliyokuwa ikimfukuza mlangoni. Sasa kuna badiliko, na badiliko hilo linatokea ndani ya tukio lenyewe, halibandikwi mwishoni kama funzo. Kama huwezi kuandika sentensi hizo mbili, badilisha tukio mapema, ndani ya dakika mbili za kwanza, kwa sababu baada ya hapo itakuwa ghali mno.

Kinachofuata katika mpango ni kilele, si mwanzo. Andika kwa maneno machache kile kitakachotokea katika dakika ile ngumu: analala chini, anachungulia chini ya mlango, anapaza sauti, mtoto anarudi nyuma akilia, anashusha sauti, anamgeuzia jambo kuwa mchezo, mtoto anapitisha vitu kimoja kimoja, mwisho ufunguo. Ukishakuwa na hayo, rudi nyuma ujiulize ni vitu gani msomaji anapaswa kuwa amekwisha kuvijua kabla ya kufika hapo. Hapa ni ufunguo ulioko mezani, kitasa kisichofunguka kwa nje, sufuria iliyoko motoni, na tabia ya kukaripia. Vitu hivyo vinne ndivyo mwanzo wako. Aya ya kwanza haina kazi nyingine.

Kisha jiulize swali ambalo msomaji yeyote mwenye akili ataliuliza: mbona hakupita dirishani? Mbona hakumwita jirani? Maswali haya yasipojibiwa, msomaji huacha kuamini, na tukio zuri linaharibika. Sentensi mbili zinatosha: dirisha lina nondo, na kwa jirani alibisha hodi bila kuitikiwa. Majibu hayo yanaingia katika ile sehemu ya pili ya maneno 80, na tena yanaongeza hofu, kwa sababu kila mlango wa kutokea unafungwa mbele ya msomaji. Mwisho kabisa wa mpango, andika sentensi ya mwisho ya insha. Nitaeleza baadaye kwa nini iandikwe mapema.

Huu sasa ni mwanzo wa mfano wetu:

"Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kumkaripia mdogo wangu mara mbili kwa kunichania daftari. Mama alikuwa ametoka, akaniachia nyumba, ufunguo mezani na sufuria ya maji motoni. Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, nilikimbia nje kuanua nguo. Upepo ukavuma. Nyuma yangu mlango ukajifunga kwa kishindo, na kitasa chake kilikuwa hakifunguki kwa nje bila ufunguo."

Ni maneno kama 50, na vile vitu vinne vyote vimo, lakini hakuna hata kimoja kilichosimamishwa ili kielezwe. Ufunguo umetajwa ndani ya jambo alilolifanya mama. Ukaripiaji umetajwa ndani ya asubuhi. Mvua, ambayo wanafunzi wengi huitumia kama pambo la mandhari, hapa ina kazi: ndiyo iliyomtoa nje.

Tukifika kwenye usimulizi wenyewe, nakuomba uangalie kwa makini viambishi vya wakati, kwa sababu katika Kiswahili ndivyo vinavyoendesha mwendo wa hadithi. Masimulizi huanza kwa -li- na kuendelea kwa -ka-: nilikimbia, upepo ukavuma, mlango ukajifunga. Kila -ka- humwambia msomaji kwamba hili limefuata lile. Kwa hiyo -ka- ni ya mwendo wa haraka, na ukiitumia mfululizo unaweza kupitisha nusu saa katika mstari mmoja. Hiyo ni faida kubwa unapotaka kuvuka mambo madogo, na ni hasara kubwa kwenye kilele. Mwanafunzi anayeandika "nikalala chini nikachungulia nikamwita akaja akanipa ufunguo nikafungua" amekifikia kilele na kukipita kabla msomaji hajavuta pumzi. Naamini hilo ndilo linalomfanya mwalimu wako aandike 'Hakuna kilele' hata pale tukio linapokuwepo: limo, lakini limekimbizwa.

Ili kuupunguza mwendo, changanya njia tatu. Tumia -ki- kuonyesha kinachoendelea wakati jambo jingine linatokea: maji yalikuwa yakitokota. Rudi kwenye -li- unapotaka msomaji atue na atazame: niliviona vidole vyake. Na uingize usemi halisi, kwa sababu maneno yanayosemwa humfanya msomaji aende karibu na mwendo wa mazungumzo yenyewe. Ukumbuke pia kwamba -ka- haina ukanushi wake katika masimulizi ya namna hii. Jambo lisipotokea, tunarudi kwenye ukanushi wa -li-: nikamwita, hakuitika. Ukanushi mfupi wa namna hiyo ukiuweka katikati ya msururu wa -ka-, msomaji hujikwaa na kusimama, na mara nyingi hapo ndipo unapotaka asimame.

Kilele cha mfano wetu kinaweza kuandikwa hivi:

"Nililala kifudifudi kwenye saruji iliyolowa, shavu likiwa chini, nikachungulia kwenye upenyo wa chini ya mlango. Niliviona vidole vya miguu yake, mbali, karibu na meza. Jikoni maji yalikuwa yakitokota kwa nguvu, na kila tone lililomwagika lilichachatika kwenye moto.

'Leta ufunguo!' nilipaza sauti.

Vidole vikarudi nyuma. Alikuwa akilia.

Hapo ndipo nilipoikumbuka asubuhi. Nikanyamaza, nikavuta pumzi, kisha nikamwita taratibu, kama nimwitavyo tukicheza.

'Nipitishie kitu hapa chini,' nilimwambia. 'Chochote.'

Kimya. Kisha kifuniko cha kalamu kikatokeza chini ya mlango.

'Asante. Nipe kingine.'

Kikaja kijiko. Hakikupita. Nilisubiri, sauti ikinitetemeka, nisithubutu kuipandisha.

'Sasa kile kilicho mezani, kinacholia.'

Nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha vyuma vikagonga sakafu, na ncha ya ufunguo ikachomoza mbele ya pua yangu."

Angalia kile kifuniko cha kalamu. Mwandishi angeweza kuurudisha ufunguo mara moja, na tukio lingebaki lilelile, lakini kilele kingekuwa na hatua moja tu. Kumpa mtoto vitu viwili visivyotakiwa kabla ya kile kinachotakiwa kumerefusha wasiwasi bila kuongeza hata kivumishi kimoja. Angalia pia kwamba hakuna mahali palipoandikwa "niliogopa sana" wala "moyo ulinidunda kama ngoma". Hofu imewekwa kwenye sauti inayotetemeka na isiyothubutu kupanda. Ukijikuta unaandika jina la hisia, jiulize mwili ulifanya nini wakati huo, na uandike hilo badala yake.

Hapo pia pana jibu kuhusu tamathali na methali, jambo linalowasumbua wanafunzi wengi kwa sababu wameambiwa zinaongeza alama. Zinaongeza pale zinapokaa mahali pake. Msahihishaji aliyekwisha kusoma "ghafla bin vuu" katika insha ishirini hatashangazwa na ya ishirini na moja, na rundo la methali katika aya moja humwonyesha kwamba mwandishi ameleta mapambo aliyoyakariri nyumbani. Kwa insha ya maneno 350, methali moja inatosha, na ikae kinywani mwa mhusika ambaye kwa kweli angeisema. Ikikosa mahali, iache. Sitiari au tashbihi moja inayotokana na mazingira ya tukio lenyewe hufanya kazi kuliko tano za kuazima.

Kuhusu usemi halisi, ufungue na kuufunga kwa alama za kunukuu, na kila msemaji mpya aanze mstari wake. Usizidishe mazungumzo. Katika kilele nilichokuandikia msemaji ni mmoja tu, na mtoto anajibu kwa vitendo. Wasemaji watatu au wanne katika insha fupi humchosha msomaji kufuatilia nani anasema nini.

Hitimisho ndipo insha nyingi za aina hii zinapoanguka, hata zile zilizokwenda vizuri. Kuna miisho miwili ninayokusihi uiepuke kabisa. Wa kwanza ni "kumbe ilikuwa ndoto", ambao unafuta kila kitu ulichomwaminisha msomaji, na katika mada hii una kosa la ziada, kwa sababu umeombwa siku uliyoiishi. Wa pili ni aya ya mawaidha: "Kutokana na hayo nawashauri vijana wenzangu…" Aya hiyo inaiacha hadithi na kuanza hotuba. Hitimisho la usimulizi lina kazi mbili tu, kuonyesha tukio lilivyoishia na kuonyesha kwa nini bado liko nawe leo:

"Mama aliporudi, nilikuwa nimekwisha kuiepua sufuria. Nilimweleza yote. Mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwangu, ameshika kile kifuniko cha kalamu. Tangu siku hiyo, nikitaka aje kwangu, huishusha sauti."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayojibu kichwa cha insha. Haisemi "sitaisahau siku hiyo maishani mwangu", maneno ambayo karibu kila mtu huyaandika; inaonyesha jambo ambalo mwandishi hulifanya hadi leo kwa sababu ya siku ile. Sasa utaona kwa nini nilikuambia uiandike tangu kwenye mpango. Ikiwa zimebaki dakika 10 kati ya 40 na bado uko katikati ya kilele, una dakika 4 za kuandika, kwa sababu zile 6 za kusoma usiziguse. Kamilisha kilele kwa sentensi tatu au nne ukitumia -ka- kwa makusudi, kisha andika sentensi yako ya mwisho iliyokwisha kukusubiri. Insha fupi iliyokamilika humwacha msahihishaji akijua unachokiweza. Insha ndefu iliyokatika humwachia kubahatisha.

Katika dakika 6 za mwisho usijaribu kupendezesha chochote. Soma mara moja ukitafuta wakati tu: je, umeteleza kutoka "nilikimbia" hadi "nakimbia" bila sababu? Kosa hili huzuka hasa kwenye kilele, kwa sababu mwandishi anakuwa amezama na anaanza kusimulia kana kwamba yuko pale. Soma tena ukitafuta upatanisho wa ngeli, na uangalie zaidi majina ya ngeli ya U-ZI, mfano ufunguo ukachomoza lakini funguo zikachomoza, maana mkono wenye haraka huyachanganya. Mara ya tatu tafuta makosa yako ya tahajia unayoyajua, kama "alafu" badala ya halafu, au "ata" badala ya hata. Neno lililokosewa likate kwa mstari mmoja na uandike lililo sahihi juu yake. Karatasi iliyokwanguliwa hadi kutoboka husomeka vibaya zaidi.

Kwa mazoezi, usiandike insha nzima kila mara. Kaa na saa, chukua matukio matatu ya maisha yako, na kwa kila moja andika tu mpango wa dakika 6: sentensi ya kabla, sentensi ya baada, hatua za kilele, vitu ambavyo msomaji lazima avijue, na sentensi ya mwisho. Kisha chagua mpango mmoja uandike kilele chake peke yake kwa dakika 12. Kilele ndicho kinachokushinda sasa, kwa hiyo ndicho kinachostahili mazoezi mengi.

Wakati mwingine swali hukupa sentensi ya kuanzia, kwa mfano "Nilipofungua macho, jua lilikuwa limekwisha kupanda." Usiichukue kama ruhusa ya kurudi kwenye mswaki na maji ya kuoga. Iandike kama ilivyo, kisha sentensi inayofuata ikupeleke moja kwa moja karibu na tukio: "Mama alikuwa amekwisha kutoka, na mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya daftari langu, akilichana." Swali likikupa sentensi ya kumalizia, basi hiyo ndiyo ya kwanza kuingia kwenye mpango wako, na sentensi zako za kabla na baada zichaguliwe ili ziielekee.